Gari la Kwanza na Maneno ya Chini ya Picha

Zamani mtu aliyepata jambo la furaha alikwenda studio, akapiga picha moja, akaandika maneno mawili matatu nyuma yake kwa kalamu ya wino, kisha akaitia katika bahasha na kuwapelekea wazee. Barua ilisomwa na watu wachache waliomfahamu tangu utotoni, nao waliyaelewa maneno yale kama alivyokusudia. Siku hizi picha hupigwa kwa simu, na kwa kubonyeza mara moja tu humfikia shangazi kijijini, mkubwa wa kazi, jirani wa mlango wa pili, na mtu tuliyesoma naye darasa la 4 ambaye hatujaonana naye tena. Wote husoma maneno yale yale, lakini kila mmoja huyasoma kwa hali yake ya siku hiyo.

Kwa sababu hiyo, ndugu msomaji, nimeona yafaa nieleze katika ukurasa huu wa nyumbani jinsi familia yetu ilivyoandika maneno ya chini ya picha ya gari letu la kwanza. Mume wangu ni sajini wa polisi, nami ni fundi wa kushona. Tunaishi katika kambi ya polisi mjini Jinja. Wanaoishi kambini, iwe ya polisi au ya jeshi, wanajua kwamba kwetu gari si jambo dogo. Mishahara ya vyeo inajulikana na kila mtu, nyumba zimepangwa mstari mmoja, na kinachoingia langoni kwa mmoja huonwa na wote kabla ya jua kutua.

Tulianza kuweka akiba Januari 2017 katika chama cha akiba na mikopo. Kila mwezi tuliweka shilingi 250,000: laki moja na nusu zilikatwa katika mshahara wa mume wangu, na laki moja ilitoka katika cherehani yangu, hasa kwa kushona sare za shule. Mwaka 2020 na 2021 shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, sare hazikuwa na mnunuzi, nikashona barakoa na kurekebisha nguo kuukuu ili laki yangu isikatike. Mara moja tulitoa sehemu ya akiba kwa ajili ya matibabu ya baba mkwe. Gawio la kila mwaka tuliliacha humo humo. Desemba 2023 tukanunua gari dogo aina ya Toyota lililokuwa limekwisha kutumiwa na mtu mwingine mjini Kampala. Bei yake siitaji hata hapa, na sababu nitaieleza mbele.

Basi gari lilipofika, mume wangu akakaa na simu yake ili aandike. Ndipo tulipogundua kwamba kulinunua kulikuwa na taratibu zake zilizo wazi, lakini kulitangaza hakukuwa na taratibu iliyoandikwa popote.

Jambo la kwanza tuliloliamua lilikuwa wakati, kabla ya maneno yenyewe. Mtu akishalipa fedha na kukabidhiwa ufunguo hujiona amemaliza, lakini sivyo. Gari si lako mpaka kadi yake iwe imebadilishwa jina. Kabla ya hapo muuzaji aweza kuwa na deni ambalo gari hilo ni dhamana yake, au nambari ya chesisi yaweza kukosa kulingana na ile iliyo katika kadi, na hapo picha iliyokwisha kusambaa huwa aibu ya kudumu. Shemeji yangu, ambaye ni makanika, alilala chini ya gari lile na kusoma nambari ya chesisi tarakimu moja baada ya nyingine huku mume wangu akiifuatilia katika kadi. Tukangoja kadi itoke kwa jina letu, tukakata bima ya mtu wa tatu ambayo sheria inaidai kwa kila gari, na tukabadilisha matairi mawili yaliyokuwa yamechakaa. Hayo yote yalichukua karibu majuma matatu, na katika majuma hayo hatukutuma picha yoyote.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kungoja. Katika mstari wetu wa nyumba familia moja ilikuwa imefiwa. Majirani wanapokesha matangani, picha ya furaha ikiingia katika simu zao huonekana kama kicheko. Tukangoja mpaka wageni wa msiba walipotawanyika na mjane alipoanza tena kufungua duka lake. Hakuna kipimo cha siku kinachofaa kila mahali. Kipimo chetu kilikuwa kwamba mfiwa mwenyewe awe amerudi kwenye shughuli zake.

Jambo la pili lilikuwa ni nani asikie kwa mdomo kabla ya kuona kwa macho. Hapa watu wengi hujiumiza bila kujua. Baba akigundua kutoka kwa mpita njia kwamba mwanawe ana gari, maneno yote mazuri yaliyoandikwa chini ya picha hayamfuti uchungu. Mume wangu alimpigia baba yake simu huko Arua, akampigia kaka aliyemlipia ada ya shule ya sekondari, kisha akamwambia mwenyekiti wa chama chetu. Mwisho akamwarifu mkubwa wake wa kazi, kwa heshima na kwa maneno machache: gari limenunuliwa, kadi iko kwa jina langu, litaegeshwa pale wanapoegesha wengine. Askari ataelewa maana ya hatua hiyo. Mkubwa anayeambiwa mapema na mhusika mwenyewe hahitaji kuulizia kwa watu wengine.

Sasa nije kwenye maneno yenyewe. Mume wangu aliandika mara nne, na kila mara alinisomea. Nitayataja maandiko hayo kwa utaratibu, kwa maana ndani yake mna somo la lugha yetu ambalo sikuwahi kulisoma darasani.

Mara ya kwanza aliandika: “Hatimaye nimenunua gari langu.” Maneno ni sahihi, lakini yalikuwa na mtu mmoja tu ndani yake. Cherehani yangu haimo, wala mwenye kulikagua hayumo. Kiswahili kinatuwekea mtu mwanzoni mwa kitenzi, hivyo ni- moja inatosha kuwafukuza watu wote waliosaidia. Nikamwambia, “Mzee, laki moja ya kila mwezi iliingiaje humo?” Akacheka, akafuta. Pia neno “hatimaye” lina kiburi kilichojificha, kwa sababu humfanya msomaji aulize ni nani aliyekuwa akitucheka siku zote tulipokuwa tukitembea kwa miguu. Hakuna aliyetucheka, kwa hiyo halikuwa na kazi.

Mara ya pili akataka kujishusha zaidi, akaandika: “Gari limepatikana.” Hapo mwenye kitendo ametoweka kabisa. Watu wengi hupenda umbo hilo kwa kuwa linaonekana la unyenyekevu: chakula kimepatikana, nyumba imepatikana, kana kwamba kitu kimedondoka chenyewe kutoka mbinguni. Kwa mwalimu au mkulima laweza kufaa. Kwa askari wa polisi ni hatari. Raia anaposikia kwamba gari la polisi fulani “limepatikana,” swali lake la kwanza ni hili: limepatikana kwa nani, na kwa malipo ya nini? Sisi tulio katika kazi hii tunajua jinsi tunavyosemwa. Lipo neno lililo wazi, nalo ni “kununua.” Aliyenunua ametoa fedha, na aliyetoa fedha aweza kuonyesha zilikotoka. Unyenyekevu unaoficha asili ya kitu huzaa shaka, na shaka hiyo huwafuata watoto hadi shuleni.

Mara ya tatu akaandika “kagari ketu kadogo.” Huku kwetu Uganda tunapenda sana kukidogosha kitu kwa ka-, na watu wa pwani husema “kigari.” Ni mtindo wa kujishusha, lakini fikiri unavyosomwa na koplo ambaye kila asubuhi anatembea kilomita 4 kwenda zamu. Kama kitu ambacho yeye hakioti wewe unakiita kadogo, umemwambia kwamba ndoto yake ni ndogo. Kujishusha kwa namna hiyo ni majivuno yaliyovaa kanzu. Gari ni gari. Kama si jipya, sema si jipya. Hiyo ni habari ya kweli ambayo msomaji aweza kuitumia, wala haimshushi mtu.

Mara ya nne yalikuwa maneno marefu yaliyojaa dini na mafumbo: kwamba Mungu hamsahau amwombaye, na kwamba wenye wivu watazame kwa mbali. Sehemu ya kwanza tuliijadili kwa muda mrefu, kwa maana sisi ni watu wa kusali na shukrani ni wajibu. Lakini kusema kwamba Mungu amejibu kwa sababu tuliomba ni kumwambia jirani aliyeomba miaka hiyo hiyo kwamba yeye hakusikilizwa. Tukaona shukrani hiyo tuitoe katika ibada, ambako kila mmoja anatoa yake. Sehemu ya pili haikuhitaji majadiliano. Maneno ya kuwapiga vijembe wenye wivu tumeyazoea kwenye leso, na kwenye leso yana utamu wake, kwa kuwa avaaye ana mtu wake mmoja anayemkusudia na mtaa mzima unamjua. Chini ya picha inayosomwa na watu 200 kijembe hakina mlengwa, kwa hiyo humchoma kila mtu. Hata asiye na wivu hujiuliza kama ndiye anayesemwa.

Baada ya hayo tukaacha kutafuta maneno matamu, tukajiuliza swali moja tu: msomaji wetu anahitaji kujua nini ili afurahi pamoja nasi? Tukaona anahitaji kujua muda uliotumika, watu waliohusika, na kazi ya gari hilo. Hayo yakiwa wazi, sifa nyingine hazihitajiki.

Muda ndio unaojibu swali la fedha zilikotoka bila kutaja fedha. Tulipoandika “miaka 7 ya kuweka akiba katika chama chetu,” kila askari aliyesoma aliweza kukokotoa mwenyewe na kuona kwamba hesabu inaingia. Bei haikuhitajika. Tena bei ina madhara yake: aliyenunua gari kama hilo kwa bei ya juu atajiona amepunjwa, aliyenunua kwa bei ya chini atakucheka, na ndugu mwenye shida atalipima ombi lake kwa bei hiyo. Miaka haifanyi hivyo. Mtu aliyeweka akiba kwa mwaka 1 akiisoma hesabu ya miaka 7 hajioni ameshindwa. Anaona bado yuko njiani.

Lakini yafaa muda huo uwe wa kweli. Kama sehemu ya fedha ilitoka katika mkopo, isiandikwe kwamba gari limenunuliwa kwa akiba. Wanachama wenzako wanaujua mkopo huo, kwa kuwa ndio waliokudhamini. Yatosha kusema “kwa akiba yetu na kwa mkopo ambao bado tunaulipa.” Maneno hayo yana faida nyingine, kwamba hupunguza idadi ya watakaokuja kukopa kwako.

Kuhusu watu, tuliona tuwataje wachache na kila mmoja kwa tendo lake. Kuandika “nawashukuru wote mlionisaidia” ni sawa na kutomshukuru yeyote. Shemeji alilala chini ya gari na kusoma nambari ya chesisi; hilo ni tendo, na alipoliona limeandikwa alifurahi kuliko angepewa zawadi. Baba mkwe alitajwa kwa sababu ndiye aliyemfundisha mume wangu kuhifadhi mbegu kabla ya kula mavuno. Tukijihadhari, hatukutaja majina kamili, kwa kuwa watu wa ukoo wanajuana kwa cheo cha udugu, na mgeni hana haja ya kuyajua.

Kazi ya gari ndiyo iliyotusumbua zaidi. Ukisema gari litafanya nini, furaha huacha kuwa ya kitu na kuwa ya shughuli, na msomaji huiona safari badala ya bodi inayong’aa. Hata hivyo kuna mpaka wake. Koplo mmoja aliyekuwa jirani yetu katika kambi nyingine aliandika chini ya picha yake kwamba “gari hili ni la kambi nzima.” Alikusudia wema. Lakini ahadi iliyoandikwa hudaiwa. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amekwenda maziko mara 3, amepeleka wagonjwa usiku, amebeba mizigo ya harusi, na kila safari mafuta yalikuwa yake. Alipokataa mara moja tu, akaitwa mwenye majivuno na wale wale waliompongeza. Maneno ya chini ya picha ndiyo yaliyomfunga. Sisi tukataja kazi 1 iliyo wazi, ile ambayo hakuna mtu atakayeionea gere: kumpeleka baba mkwe kliniki. Kazi nyingine tulizikubali au kuzikataa moja moja, kwa mdomo.

Maneno tuliyoyatuma mwishowe yalikuwa haya:

“Januari 2024. Baada ya miaka 7 ya kuweka akiba katika chama chetu, tumenunua gari letu la kwanza. Si jipya, lakini ni zima. Asante baba kwa kutufundisha kuhifadhi mbegu, na asante shemeji kwa kulikagua kuanzia chini hadi juu. Safari yake ya kwanza ni kumpeleka baba kliniki Arua. Tutakaporudi, karibuni chai.”

Kila sentensi ina kazi yake. Tarehe inaifanya picha iwe kumbukumbu, ili mtoto wetu akiikuta baada ya miaka mingi ajue ilikuwa lini. “La kwanza” linasema furaha yenyewe bila kutumia neno furaha. “Si jipya, lakini ni zima” linamzuia mtu kudhani tuna zaidi ya tulicho nacho, na pia halilisingizii gari ubovu. Mwaliko wa chai umewekwa mwisho kwa makusudi. Anayetaka kutupongeza ana mahali pa kwenda, nasi tuna kitu cha kumpa ambacho tunakimudu. Ungekuwa mwaliko wa mbuzi, tungerudi katika akiba siku hiyo hiyo.

Picha nayo ni sehemu ya maneno, kwa maana jicho husoma kabla ya akili. Mume wangu alipenda ile aliyosimama akiegemea boneti, amevaa miwani ya jua. Ilikuwa picha nzuri, na tumeitunza nyumbani. Tuliyoituma ilionyesha mlango wa mbele ukiwa wazi na baba mkwe ameketi kwenye kiti cha abiria, fimbo yake katikati ya magoti. Ilibidi tungoje mpaka tufike Arua ili tuipige, safari ya zaidi ya kilomita 500 ambayo inauvuka Mto Nile mara 3: hapa Jinja, kisha Karuma, kisha Pakwach. Kila atazamaye picha hiyo anamtazama mzee kwanza, gari baadaye.

Nambari ya usajili tuliifunika. Tapeli mwenye nambari ya gari na picha ya mwenyewe aweza kutunga hadithi ya kuaminika, kwa mfano kumpigia mke simu na kumwambia kwamba gari nambari fulani limepata ajali na fedha za matibabu zinahitajika upesi. Kwa askari kuna sababu zaidi. Si vema picha ya gari la nyumbani ionyeshe sare, lango la kambi, au nyumba ya silaha kwa nyuma, wala maneno yasitaje mahali linapolala na saa linapotoka. Kijana anayejifunza upelelezi anajua kwamba adui huokota habari ndogo ndogo na kuziunganisha. Tukiwa Arua, nyuma ya gari palikuwa na mwembe na ukuta wa udongo tu.

Baada ya maneno kutumwa huja majibu, na hapo ndipo kazi nzuri huharibika. Mtu aweza kuandika kwa adabu, kisha katika majibu akaachilia yote aliyoyazuia. Wa kwanza kutuandikia alisema, “Mmetuacha sasa!” Ni utani wa kawaida, lakini una swali ndani yake. Mume wangu alimjibu, “Chai bado ni ile ile, njoo.” Mwingine akauliza bei mbele ya kundi zima la ukoo. Kumnyamazia ni kumdharau, na kumjibu pale ni kuharibu tulichokilinda. Mume wangu akamwandikia kando kwamba kama anatafuta gari, shemeji atamweleza aina zinazopatikana na namna ya kuzikagua. Yule bwana kweli alikuwa akitafuta, na wakakutana.

Wa tatu alikuwa binamu ambaye saa hiyo hiyo aliomba akopeshwe fedha. Jibu lilikuwa la kweli na fupi: “Ndugu yangu, akiba ndiyo hiyo unayoiona ina magurudumu.” Hakukasirika. Kama maneno ya picha yangekuwa yamepigwa chumvi, jibu hilo lisingeaminika.

Jibu lililonifundisha zaidi lilitoka kwa mjane wa mstari wetu, yule ambaye kwa ajili yake tulingoja. Hakuandika kitu. Alikuja mlangoni jioni moja na daftari la mtoto, akauliza ni kiasi gani kidogo kabisa ambacho mtu aweza kuanza nacho katika chama cha akiba, maana katika picha alikuwa ameona “miaka 7” na akataka kujua mwaka wa kwanza ulikuwaje. Nikamwonyesha kitabu chetu tangu ukurasa wa Januari 2017, pamoja na ile miezi tuliyotoa fedha za hospitali, ili aone kwamba njia haikunyooka. Hakuliulizia gari hata kidogo.

Kwa atakayeandika maneno kama hayo kesho, nina kipimo kimoja ambacho sisi tulikitumia. Kabla ya kuyatuma, yasome kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani, huku ukimfikiria jirani mmoja ambaye mwezi huu hali yake ni ngumu. Kila neno linalokufanya upunguze sauti, lifute. Kisha jiulize kama maneno hayo yatabaki ya kweli baada ya miaka 3, gari likiwa limechubuka ubavuni au limeuzwa ili kulipa ada. “Tumenunua gari letu la kwanza kwa akiba ya miaka 7” yatabaki ya kweli hata hapo. “Sasa shida zimekwisha” hayatabaki.

Baba mkwe hana simu ya picha. Tulimpelekea nakala ya karatasi, na nyuma yake mume wangu aliandika kwa kalamu maneno yale yale, bila kuongeza wala kupunguza. Mzee aliyasomewa na mjukuu, akauliza kama chai iliyotajwa inamhusu na yeye pia, kisha akaitundika picha ukutani karibu na kalenda, mahali anapoandika siku zake za kwenda kliniki.